Uwatu saa ngapi, kidonge saa ngapi: mwongozo wa kutenganisha mitishamba na vidonge vya hospitali

Mwaka juzi mwezi wa pili nilienda Muheza kumsalimia mama mkubwa nikamkuta kavaa sweta saa 7 mchana. Joto la Muheza mwezi wa pili wanaolijua wanalijua, majirani wote wako chini ya mwembe wanajipepea na kanga, yeye kajifunika. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, baridi imetoka wapi? Akasema we acha tu, mwili umepoa, uzee huo. Nikamtazama vizuri, uso umejaa kidogo, sauti imekuwa nzito, anaongea taratibu kama mtu aliyeamshwa usingizini, na akaniambia kwa kuninong'oneza kwamba chooni haendi mpaka anywe sanamaki.

Mimi kazi yangu ni kaunta ya famasi kwa hiyo picha hiyo haikunipa tabu. Mama mkubwa alishafanyiwa operesheni ya tezi ya shingo, lile goita, na toka hapo anaishi kwa kidonge cha levothairoksini kila siku ya Mungu. Dalili zote zile ni za mtu ambaye homoni ya tezi haimtoshi. Sasa kilichonishangaza ni kwamba kidonge anameza, haruki hata siku, na hospitali walishampandishia dozi mara mbili, kutoka mikrogramu 100 kwenda 125 kisha 150, na bado kipimo chake cha TSH kilisoma 11.8 wakati kawaida inatakiwa icheze kati ya 0.4 na 4 hivi (TSH ikipanda maana yake mwili unalia homoni haitoshi, inakwenda kinyume, watu wengi hapo huchanganyikiwa).

Nikamuuliza swali moja tu, kidonge unakimezaje mama? Akasema na chai. Chai gani? Ya maziwa. Na kabla ya chai? Kikombe cha uwatu, ule uliolala kwenye maji usiku kucha, wa sukari.

Basi hapo ndo ilikuwa stori yote. Nitawaeleza hatua kwa hatua tulivyompangia siku yake maana hicho kitu nakiona kaunta kila wiki, mtu ana vidonge vyake vya presha na sukari na ana chupa zake za mitishamba, hataki kuacha kimojawapo, na swali lake ni moja, niachanishe masaa mangapi? Jibu ni kwamba inategemea zinakutania wapi, na kuna ambazo hata ukiziachanisha masaa 12 bado zinakutana.

Hatua ya 1: toa kila kitu, weka mezani

Nilimwambia mama mkubwa alete kila kitu kinachoingia mdomoni mwake kwa ajili ya afya. Akaleta mfuko wa vidonge: levothairoksini, nifedipini ya miligramu 20 asubuhi na jioni kwa ajili ya presha, metfomini 500 asubuhi na jioni, na glibenklamidi 5 asubuhi, hizi mbili za sukari. Nikamwambia na nyingine, akasema hizo ndo zote. Nikasema na uwatu? Aah, uwatu si dawa mwanangu, uwatu ni chakula.

Hapo ndo penye kazi. Watu wetu hawahesabu chakula kama dawa, kwa hiyo usiulize "unatumia dawa za kienyeji?" utajibiwa hapana. Uliza ukiamka unakunywa nini, ukiumwa tumbo unakunywa nini, usiku kabla ya kulala je, na kwenye ile chupa ya maji ya nusu lita juu ya kabati kuna nini. Zikatoka: uwatu, sanamaki kila ijumaa, juisi ya choya jioni, balungi kutoka kwenye mti wake wa uani (Muheza mtu bila mti wa jamii ya machungwa ni mgeni), na chupa moja ya unga wa kahawia bila jina, kauziwa mnadani, "wa kusafisha damu".

Andika kwenye karatasi kwa kila kimoja kiasi gani na saa ngapi. Siyo "kidogo", andika kijiko kimoja cha chakula, kikombe kimoja, mara 3 kwa wiki.

Hatua ya 2: jua zinakutania wapi

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka halafu wanapanga masaa bure. Kidonge na mtishamba vinaweza kukorofishana sehemu tatu.

Ya kwanza ni tumboni kabisa, uso kwa uso. Uwatu ukilowekwa unateleza, ule utelezi ni nyuzinyuzi zilizovimba, zinakishika kidonge na kukibeba mpaka zinatoka nacho bila kuingia kwenye damu. Chai ya rangi ina ule ukakasi unaokausha ulimi, unashika madini ya chuma. Maziwa yana kalsiamu, udongo wa pemba unaotafunwa na wajawazito unanasa karibu kila kitu. Huu ugomvi wa tumboni ndo pekee ambao saa inautibu. Kidonge kikishapita, mtishamba ukija baadae haukikuti.

Ya pili ni kwenye kazi. Uwatu unashusha sukari na glibenklamidi inashusha sukari, choya inashusha presha kidogo na nifedipini inashusha presha. Hapa hata ukitenganisha vipi zote zipo kwenye damu na zinavuta kamba upande mmoja. Kutenganisha masaa kunasaidia kidogo tu visipande kwa pamoja, lakini kinachokulinda ni kipimo, mashine ya sukari na mashine ya presha.

Ya tatu ni kwenye mitambo ya mwili inayovunja dawa, iliyoko kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo. Mfano mzuri ni balungi. Juisi yake inaua kimeng'enya cha kwenye utumbo ambacho kazi yake ni kuvunja sehemu ya nifedipini kabla haijaingia kwenye damu, na kimeng'enya kikishakufa mwili unahitaji siku moja mpaka tatu kutengeneza kingine. Kwa hiyo ukila balungi asubuhi halafu ukameza nifedipini usiku, hujaachanisha kitu, dawa inaingia nyingi kuliko alivyokusudia daktari. Dawa za lehemu kama simvastatini na atovastatini nazo ni hivyo hivyo. Danzi, lile chungwa chungu, ni ndugu yake. Chungwa tamu la kawaida halina shida hiyo, kwa hiyo wana Muheza msinishambulie.

Kwa kundi hili la tatu jibu siyo masaa, jibu ni kuchagua kimoja. Na usichague kuacha kidonge.

Hatua ya 3: tafuta kidonge chenye wivu

Kwenye mfuko wowote wa dawa mara nyingi kuna kidonge kimoja ambacho hakitaki mwenzie tumboni, mimi nakiita chenye wivu. Hicho ndo unakipangia saa ya kwanza, vingine vyote vinazunguka pale. Kwa mama mkubwa ni levothairoksini. Inataka tumbo tupu, maji matupu, halafu usile wala usinywe chai au kahawa kwa nusu saa mpaka saa nzima, na vitu vyenye kalsiamu, chuma, dawa za kiungulia au nyuzinyuzi nyingi za kuteleza vikae mbali masaa 4, kabla na baada.

Vidonge vingine vyenye wivu ninavyoviona sana kaunta navitaja kwa haraka. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, vinagombana na chai na kahawa, kwa hiyo acha saa 1 mpaka 2 pande zote, na ukinywea maji ya chungwa ndo vinanyonywa vizuri zaidi. Ila mjamzito anayetafuna pemba huyo kuachanisha masaa hakumtoshi, pemba yenyewe iachwe, maana anameza chuma kwa mkono wa kulia na kukinasa kwa mkono wa kushoto. Siprofloksasini nayo, imeze masaa 2 kabla au 6 baada ya maziwa ya kunywa matupu, udongo, vidonge vya chuma au dawa ya kiungulia. Na dolutegraviri iliyo ndani ya dawa za ARV siku hizi, hiyo na chai haina ugomvi, ugomvi wake ni na madini, yaani kalsiamu, chuma, dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, na udongo nao usiukaribishe. Masaa 2 kabla au 6 baada. (Vidonge vya chuma na kalsiamu vinaruhusiwa kumezwa nayo pamoja kama unakula chakula hapo hapo, lakini dawa ya kiungulia hata kwa chakula hapana.)

Metfomini na amlodipini hazina wivu mkubwa tumboni, hizo zinakaa na chakula bila maneno.

Hatua ya 4: kidonge kwanza, mtishamba baadae

Hii kanuni ndogo inaokoa masaa mengi. Kidonge kilichomezwa na maji matupu kwenye tumbo tupu kinaondoka tumboni mapema, lakini mtishamba mzito au chakula unaweza kukaa tumboni masaa 2, 3, hata 4. Kwa hiyo ukianza na kidonge unasubiri kidogo, ukianza na mtishamba unasubiri sana. Mama mkubwa alikuwa anaanza na uwatu "kufungua tumbo" halafu dakika 10 baadae chai na kidonge, yaani alikuwa anakirusha kidonge kwenye uji wa utelezi kisha anakimwagia maziwa juu.

Ukimwona mtu anasaga kidonge anachanganya kabisa kwenye uji wa mitishamba ili kipite vizuri, mkataze hapo hapo. Nifedipini ile ya kuachia taratibu ukiisaga dawa ya masaa 12 inaingia kwa pamoja, presha inaanguka.

Hatua ya 5: funga masaa kwenye vitu ambavyo tayari anavifanya

Ratiba ya kwenye simu mama mkubwa hawezi kuifuata na wala sikumpa. Tulifunga kwenye adhana na milo, ikawa hivi.

Saa 11 alfajiri anaamka kuswali, kidonge cha tezi kiko pembeni ya kopo la udhu, anameza na glasi nzima ya maji, basi. Akimaliza kuswali na kufagia uwanja saa 12 imefika, saa nzima imepita bila yeye kusubiri kitu. Hapo ndo chai ya maziwa na maandazi au mihogo, pamoja na metfomini, glibenklamidi na nifedipini ya asubuhi. Uliza maziwa si yana kalsiamu? Ndio, na ningependa asubiri zaidi, lakini maziwa ya ndani ya chai ni kidogo na kumwambia mwanamke wa Kitanga asinywe chai mpaka saa 3 ni kutafuta mpango uvunjike wiki ya kwanza. Nilichoomba ni kwamba iwe hivyo hivyo kila siku, saa hiyo hiyo, kikombe hicho hicho, maana daktari atapanga dozi kulingana na hali hiyo. Kesho usinywe bila maziwa, keshokutwa na vikombe viwili.

Uwatu tuliuhamishia saa 7 mchana, pamoja na chakula. Kutoka saa 11 alfajiri mpaka saa 7 ni masaa 8, kidonge cha tezi kimeshaondoka zamani. Na kutoka hapo mpaka vidonge vya jioni ni masaa 5 na nusu. Kwa nini siyo saa 4 asubuhi ambapo masaa 4 yanakuwa yameshatimia? Kwa sababu saa 4 ni katikati ya chai na chakula cha mchana, tumbo halina kitu, glibenklamidi ya asubuhi ndo iko kazini, ukiongeza na uwatu hapo sukari inaweza kuporomoka. Pamoja na chakula kuna kitu cha kushushwa. Kiasi nacho tulikipunguza, kutoka kijiko cha chakula kilichojaa tukaja kwenye kijiko kimoja cha chai.

Choya saa 10 jioni, glasi moja, katikati ya nifedipini ya asubuhi na ya jioni. Jioni saa 12 na nusu anakula na anameza metfomini na nifedipini. Ukiona kwenye karatasi ya dawa kimeandikwa 1x2 maana yake ni kimoja kila baada ya masaa 12 kwa kukadiria, siyo kimoja asubuhi na kingine mchana ukiwa njiani.

Balungi likafutwa kabisa. Mama mkubwa alinuna. Nikamuonyesha miguu yake, vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, na akakiri kichwa humgonga na moyo kumwenda mbio siku akila mabalungi mengi, hizo ni dalili za nifedipini kuzidi. Alikuwa anafikiri balungi "linashusha presha" na kwa namna fulani alikuwa sahihi, lilikuwa linaishusha kwa kutumia kidonge chake mwenyewe.

Sanamaki sikuipa saa. Hiyo inafanya kazi masaa 6 mpaka 12 baada ya kunywa, kwa hiyo akinywa saa 3 usiku anaharisha alfajiri ile ile anayomeza kidonge cha tezi, na tumbo linaloendesha halinyonyi dawa vizuri. Halafu ona mzunguko wenyewe: kidonge hakiingii, homoni inapungua, homoni ikipungua utumbo unalegea na choo kinakuwa kigumu, choo kikigoma anakunywa sanamaki, sanamaki inapitisha kidonge, homoni inapungua zaidi. Alikuwa anatibu ugonjwa kwa kitu kinachoulisha. Na kwa wale wanaotumia dawa za presha za kukojoza, lasiksi au haidroklorothiazaidi, sanamaki ya mara kwa mara ni hatari nyingine tofauti kabisa, zote mbili zinatoa potasiamu mwilini, misuli inalegea na moyo unaweza kubadili mapigo, hapo hakuna masaa ya kuachanisha.

Ile chupa ya unga wa mnadani nilimwambia kwa adabu kwamba siwezi kuipangia saa kitu nisichokijua jina. Kuna unga wa namna hiyo unaopimwa ukakutwa umechanganywa na vidonge vya kizungu vilivyosagwa, dawa za maumivu au steroidi, ndo maana "unafanya kazi" siku ya kwanza tu. Usiojulikana unakaa nje ya ratiba.

Hatua ya 6: pima, maana ukishatenganisha dozi inabadilika

Hapa naomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine zote kwa sababu ndo mahali nilipokosea mwenyewe.

Nilimpangia masaa, nikamwambia aende kliniki baada ya miezi mitatu kama kawaida yake, nikarudi zangu. Wiki ya 5 akanipigia simu usiku, mwanangu moyo unanidunda, silali, mikono inatetemeka, jasho, na nguo zimekuwa kubwa. Kumbe tumefanya nini? Dozi ya mikrogramu 150 ilipandishwa wakati nusu yake inaishia kwenye uwatu. Sasa uwatu umeondoka njiani, kidonge chote kinaingia, na 150 yote kwa mama wa kilo 58 ni nyingi mno. Alipoenda kupima TSH ilikuwa 0.1, tumetoka upande mmoja wa barabara tukaingia mtaro wa upande wa pili. Mapigo ya namna hiyo kwa mtu wa miaka 60 na presha juu siyo kitu cha kuchezea.

Daktari akamrudisha kwenye 100, ile ile aliyoanza nayo zamani, na baada ya wiki 8 TSH ikasoma 2.9. Yaani dozi ya mwanzo haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla hujatenganisha chochote, mwambie anayekuandikia dawa, na panga kipimo. Kwa tezi ni wiki 6 mpaka 8 baada ya kubadili, mapema zaidi hakisomi ukweli, ila dalili kama za mama mkubwa zikija usisubiri wiki zitimie. Kwa presha pima kila siku asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo, umekaa, umepumzika dakika 5, andika. Na kumbuka inaenda pande zote mbili: balungi lilipoondoka presha ya mama mkubwa ilipanda kidogo wiki ya kwanza, 148 kwa 88, kwa sababu nifedipini sasa inaingia kiasi chake halali. Hiyo siyo dalili kwamba balungi lilikuwa dawa, ni dalili kwamba daktari sasa anaona presha halisi na anaweza kuipangia dozi.

Kwa sukari, pima kabla ya chakula cha mchana na masaa 2 baada ya chakula siku za mwanzo. Ukisoma chini ya 4, au hata bila mashine ukiona kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, maneno yanakosekana mdomoni, koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji unywe, subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia, ikishapanda kula chakula. Kama hawezi kumeza usimmiminie mdomoni, kimbiza hospitali. Kwa mama mkubwa ilishuka mpaka 3.6 mara moja, siku aliyofunga sunna akajisahau akafungulia uwatu, na daktari alipoona hiyo pamoja na umri wake akamtoa kwenye glibenklamidi akampa gliklazaidi, maana glibenklamidi kwa watu wazima inakaa muda mrefu mwilini na kushusha kupita kiasi.

Namna ya kumwambia daktari ina maana sana. Ukisema "natumia miti shamba" atakwambia acha vyote na utatoka umenyamaza. Sema "nakunywa uwatu kijiko kimoja cha chai saa 7 mchana kila siku na chakula", hiyo anaweza kuifanyia kazi.

Siku zinazovuruga ratiba

Ramadhani. Masaa ya kula yanabanwa usiku na futari yetu imejaa uji, maziwa, tambi na vitu vizito, kwa hiyo kidonge cha tezi kinakosa tumbo tupu. Njia inayofanya kazi ni kumeza wakati wa kulala, masaa 3 mpaka 4 baada ya kula mara ya mwisho, tumbo liko tupu hapo, na kidonge hiki hakijali ni usiku au alfajiri ilimradi tumbo ni tupu. Akishindwa, anaamka saa nzima kabla ya daku. Uwatu Ramadhani tuliuondoa tu. Na kuhusu vidonge vya sukari kwenye mfungo ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama, siyo siku ya 3 ya kufunga.

Ukisahau kidonge cha tezi asubuhi ukakumbuka saa 5 umeshakunywa chai, subiri usiku wakati wa kulala, usimeze viwili kesho yake. Ukitapika ndani ya dakika chache na ukakiona kidonge, meza kingine.

Ukiwa na operesheni iliyopangwa, acha mitishamba yote ya kunywa wiki 2 kabla na mwambie mtu wa usingizi ulikuwa unakunywa nini.

Ambao mwongozo huu hauwahusu

Anayetumia warifarini ya kuzuia damu kuganda, dawa za kifafa, dawa za TB, dawa za saratani, au aliyepandikizwa figo, asipange masaa nyumbani kwa kusoma hapa. Hizo ugomvi wake mwingi uko kwenye ini na kwenye damu, na pengo kati ya dozi ndogo mno na kubwa mno ni jembamba. Kitunguu saumu cha kwenye mboga hakina neno, lakini vidonge vya kitunguu saumu au manjano ya kukoroga vijiko pamoja na warifarini vinaweza kukutoa damu fizini na kwenye mkojo. Na yeyote atakayeona macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, ngozi inawasha, aache mtishamba siku hiyo hiyo na aende akiwa ameubeba mkononi na chupa yake, wasikisie.

Mama mkubwa sweta limerudi kabatini. Choo anapata kwa papai na maji, uwatu wake anakunywa mchana, na mti wa balungi bado upo uani unazaa mpaka matawi yanainama. Matunda anagawa, ila jirani akija na kikapu lazima kwanza ajibu swali, dada, kidonge chako cha presha kinaitwaje?